Safari Njema Si Onyo

Kuna karatasi moja ambayo ningempata aliyeitunga ningemwalika chai ya mkandaa, kisha nimwulize polepole alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Huitwa orodha ya kujikagua. Wanafunzi huibandika nyuma ya jalada la daftari la insha na kuambiwa waipitie kabla ya kukabidhi kazi. Inauliza: Je, insha yangu inavutia? Je, ina mtiririko mzuri? Je, nimetumia lugha ya mnato? Kando ya kila swali pana kisanduku, na mtoto anatia tiki. Nimefundisha Kiswahili katika shule za upili tangu chaki ikiwa chaki, na sijawahi kuona kisanduku hata kimoja kikiachwa wazi. Nani atajiandikia mwenyewe kwamba insha yake haivutii? Hata anayeandika kwa usingizi huamini kwamba usingizi wake una mtiririko.

Likizo ya Agosti iliyopita karatasi hiyo ililetwa mpaka nyumbani kwangu. Mpwa wangu, mtahiniwa wa Kidato cha Nne, alitokea Jumapili jioni, shule zikifunguliwa kesho yake, na insha mbili za kazi ya likizo mkononi. Mwalimu wao alikuwa ameahidi kuzisahihisha kwa mwongozo uleule unaotumiwa kwa karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE. Kijana alikuwa ametia tiki zote, akabakiwa na nafasi ya kuchora nyota pembeni.

"Shikamoo mjomba. Mama amesema uzipitie tu kidogo."

Dada yangu ana mazoea ya kunipa kazi za "kidogo tu". Ng'ombe wake mgonjwa alikuwa kidogo tu. Harusi ya binti yake nilikuwa nisaidie kidogo tu. Niliweka pembeni sahani ya githeri ambayo ndiyo kwanza inaanza kupoa, nikavaa miwani, na nikaanza kusoma kwa macho ya mtu anayelipwa, ijapokuwa hakuna aliyekuwa akinilipa.

Tatizo la ile orodha si kwamba inauliza mambo ya uongo. Tatizo ni kwamba inauliza kwa mpangilio wa mtu anayejitazama kwenye kioo, ilhali mtahini hana kioo. Mtahini ana kalamu nyekundu, rundo la karatasi, na mwongozo. Kila insha inasahihishwa kwa alama 20. Alama 16 hadi 20 ni kiwango cha A, 11 hadi 15 ni B, 6 hadi 10 ni C, na 1 hadi 5 ni D. Kabla hajafika kwenye lugha ya mnato, kuna mambo mawili yanayoamua insha itaangukia ghorofa gani: kama imejibu swali, na kama imefika urefu. Basi anayejikagua aanze na yale yanayoua kabla ya yale yanayokwaruza. Mpwa wangu alikuwa ameanza na nyota.

Insha ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya methali. Swali lilimtaka atunge kisa kudhihirisha ukweli wa methali "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Nikajua mara moja kwamba jua lingechomoza. Limechomoza. Limechomoza kwa mistari sita, likifuatwa na ndege walioimba, umande uliometameta, na jogoo ambaye alistahili posho ya usumbufu kwa kazi aliyofanyishwa. Halafu shujaa wetu, Juma, akaoga, akapiga mswaki, akanywa chai kwa mandazi, akavaa suruali yake ya bluu. Ukurasa wa kwanza ukaisha Juma hajatoka mlangoni.

Ukurasa wa pili Juma anaabiri bodaboda kwenda mjini. Bodaboda inakwenda kasi mithili ya umeme, inagongana na lori lililobeba makaa, na Juma anavunjika mguu. Anapelekwa hospitalini. Anatiwa plasta. Anajifunza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwisho.

"Mguu umevunjika kweli," nikamwambia.

"Eeh, mjomba. Kabisa."

"Sasa niambie, mkuu ni nani?"

Akafunua kurasa mbele, akafunua nyuma. Akaniuliza kama lori linaweza kuwa mkuu.

"Nani alimwonya Juma kuhusu bodaboda?"

"Mamake. Hapa." Akaweka kidole chini ya sentensi. Nikasoma. Mama yake Juma alikuwa amesimama mlangoni akampungia mkono na kumwambia, "Safari njema, mwanangu."

Nilimweleza, kwa upole niliouazima kwa majirani, kwamba safari njema si onyo. Mtu akikutakia safari njema nawe ukasafiri, umemtii. Juma wa kwenye insha hii ni mtoto mtiifu kuliko wote niliowahi kusoma, na amevunjwa mguu bure. Kisa hiki kinafaa methali kama "Ajali haina kinga." Kwa swali lililoulizwa, mtahini ataandika kando kwamba mtahiniwa amepotoka kimaudhui, na mwongozo unapaweka mahali pa aliyepotoka: katika kiwango cha D, alama 3. Tatu katika ishirini! Jua limechomoza bure, jogoo amewika bure, suruali ya bluu imevaliwa bure.

Na hapo ndipo hasira zangu na ile orodha zinapoanzia. Ilikuwa na swali kuhusu jambo hili: "Je, nimezingatia mada?" Kijana aliweka tiki, na kwa maoni yake alisema kweli, kwa kuwa mguu umo, kuvunjika kumo, na methali yenyewe imeandikwa mwishoni kwa herufi kubwa. Swali ambalo mtu anaweza kulijibu "ndiyo" bila kugusa karatasi yake halijamkagua. Ukaguzi ni kazi ya mikono.

Nikampa penseli. Methali karibu zote zinazoletwa katika mtihani zina pande mbili, upande wa tendo na upande wa matokeo, na kisa lazima kibebe zote mbili. Nikamwambia aandike pambizoni herufi O pale mkubwa anapotoa onyo, K pale Juma anapolikataa, na G pale guu linapovunjika. Herufi tatu, kwa mpangilio huohuo, kila moja mbele ya sentensi anayoweza kuigusa kwa ncha ya penseli. Asipoipata sentensi, hana hiyo sehemu, hata kama moyoni anahisi kwamba msomaji ataelewa. Mtahini hasahihishi moyo.

Akapata G moja. O na K hakuna.

Kuna pia swali la nne, ambalo wengi hulipita hata wakiwa na herufi zote tatu: je, guu limevunjwa na jambo lilelile lililoonywa? Nimesoma insha ambayo babu anamwonya mjukuu asivute bangi, mjukuu anakaidi, anavuta mpaka macho yanakuwa kama pilipili, kisha anaumwa na nyoka akienda kuchota maji. Pole kwa mjukuu, lakini nyoka yule hakutumwa na bangi. Chora mstari wa penseli kutoka O hadi G, halafu jaribu kusema kwa sentensi moja, "kwa sababu alikataa hili, akapatwa na hili." Ukilazimika kuvuta pumzi katikati, rudi ukarekebishe. Na guu si lazima liwe guu la mfupa. Anaweza kufukuzwa shule, kufilisika, kukosa kazi. Sijui ni nani aliyewaambia watoto wetu kwamba methali hii ni ya idara ya mifupa.

Tukamrekebisha Juma palepale. Kumbe haikuhitaji mengi. Mama yake asimpungie mkono, amshike mkono. Amwambie kwamba yule kijana wa bodaboda jirani huendesha akiwa amelewa, na kwamba majuzi alimtupa abiria mtaroni, na kwamba asubiri matatu. Juma aseme kimoyomoyo kwamba wazee wana woga, na aipande bodaboda ileile, dereva akiwa ananuka chang'aa. Lori libaki lilivyo. Lori halikuwa na kosa tangu mwanzo.

"Sasa hayo nitayaandika wapi, mjomba? Ukurasa umejaa."

"Umejaa nini?"

Akatazama. Umejaa jua.

Hapo tukaingia katika la pili, la urefu, na hili ndilo linalowauma wanafunzi wengi kwa sababu wanaona haya kuhesabu. Swali linataka maneno yasiyopungua 400. Mtahini hahesabu neno moja moja. Angehesabu hivyo angekuwa bado anasahihisha mitihani ya mwaka 1989. Anatazama mistari michache ya kawaida, si ule wenye maneno mawili mwishoni mwa aya, anakadiria mstari mmoja una maneno mangapi, kisha anatazama umefika ukurasa wa ngapi. Mwandiko wa maneno tisa kwa mstari hukamilisha insha kwa ukurasa mmoja na nusu. Maneno saba kwa mstari yanahitaji kurasa mbili. Maneno matano yanahitaji kurasa mbili na robo tatu.

Makadirio hayo humweka mtahiniwa katika mafungu manne. Kufikia maneno 174 ni insha robo. Kuanzia 175 hadi 274 ni insha nusu. Kuanzia 275 hadi 374 ni robo tatu, na kuanzia 375 kwenda mbele ni insha kamili. Fungu lako ni dari lako. Insha robo hukadiriwa katika D, nusu katika C, robo tatu katika B. Maana yake ni kwamba unaweza kuandika robo tatu ya insha ambayo ingemliza marehemu bibi yako kaburini, na bado usivuke 15.

Mpwa wangu ana mwandiko mkubwa wa kujiamini. Nilipima mistari yake kadhaa: maneno matano, matano, sita, matano. Alikuwa ameandika kurasa mbili na nusu, akadhani amemaliza na chenji juu, kwa sababu rafiki yake mwenye mwandiko wa sisimizi aliandika ukurasa mmoja na nusu na mwalimu akasema ni kamili. Nikamwonyesha hesabu. Ukurasa wake una mistari 27. Mara tano ni maneno 135. Mara mbili na nusu ni kama 337. Robo tatu. Hata kama Juma angeonywa na baraza zima la wazee, kilele chake kilikuwa 15.

Basi kuhesabu huku kufanywe mapema, wala si mwishoni pekee. Mtu ajue mwandiko wake unameza maneno mangapi kwa mstari siku anapofanya mazoezi, kwa kuwa haubadilikibadiliki sana, na aingie mtihanini akijua ni ukurasa gani unaomwokoa. Mpwa wangu wa kwake ni tatu kasoro robo. Nilimwambia aandike hiyo namba kwenye kiganja siku za mazoezi, halafu nikakumbuka jinsi wasimamizi wa mitihani wanavyotazama viganja, nikamwambia aikariri.

Na ukigundua umepungukiwa, usiongeze jua. Hili ni gonjwa. Mtoto akiambiwa insha ni fupi, anaongeza asubuhi. Ongeza pale penye O na K, kwa kuwa ndipo penye hoja. Tulipofuta ndege, umande na mswaki, na kumpa mama yake Juma nafasi ya kusema maneno kumi mazuri, insha ilifika kurasa tatu bila jogoo hata mmoja. Nakiri nilifurahi, ingawa githeri ilikuwa imekwisha kuganda.

Insha ya pili ilikuwa ile ya lazima. Katika karatasi ile kuna maswali manne. La kwanza hujibiwa na kila mtu, nalo huwa la uandishi wa kiuamilifu, yaani barua rasmi, kumbukumbu, ripoti, hotuba, mahojiano na ndugu zao. Kisha unachagua moja katika matatu yaliyobaki. La lazima linapaswa kuwa zawadi, maana sura yake inajulikana tangu Kidato cha Kwanza. Kumbe ndiko alama zinakodondokea kama maembe. Miongozo ninayoifahamu humwondolea mtahiniwa alama nne za sura baada ya kumtuza maudhui na lugha. Fikiria umeandika vizuri ukapata 12, upo B, halafu sura inakosekana: 8. Umeshuka hadi C bila kukosea sentensi hata moja.

Alikuwa ameulizwa kumbukumbu za mkutano wa Chama cha Mazingira shuleni. Ninyamaze kidogo kuhusu lugha yake nitaje nilichokiona kwanza. Sikukisoma, nilikitazama tu. Huu ndio ukaguzi wa sura ninaoujua mimi: simama, nyosha mkono, shika karatasi mbali mpaka maneno yasisomeke, kisha jiulize kama mtu asiyejua kusoma angetambua kwamba ni kumbukumbu. Kumbukumbu huonekana kwa mbali. Kuna kichwa kirefu kinachotaja chama, mahali, tarehe na saa. Kuna orodha za majina. Kuna vichwa vidogo vyenye nambari vinavyoshuka ukurasa. Chini kuna mistari mitupu ya sahihi na tarehe, ya mwenyekiti na ya katibu. Karatasi ya mpwa wangu kwa umbali wa mkono ilionekana kama barua ya mapenzi: aya nzito kutoka juu mpaka chini, na nyota.

Nilipoisogeza karibu, ilikuwa hivi: "Mwenyekiti aliingia akasema nyinyi wa huko nyuma nyamazeni, na sisi tukanyamaza, lakini kulikuwa na kijana mmoja aliyecheka." Nikamuuliza kijana aliyecheka yumo katika ajenda gani.

Ajenda ndiyo kamba ya kumbukumbu. Swali lenyewe huwa linatoa mambo ya kujadiliwa au linakuachia uyatunge. Kwa vyovyote, kila ajenda iliyotajwa juu iwe na kifungu chake chini, na kila kifungu chini kiwe na ajenda yake juu. Hili nalo ni la penseli: unganisha kwa mistari. Yeye alikuwa na ajenda nne na mjadala wa mbili, kisha wa tatu ulihusu soda. Waliohudhuria walikuwapo. Waliotuma udhuru hawakuwapo, na simaanishi kwamba hawakuhudhuria. Namaanisha sehemu yao haikuandikwa. Waliokosa bila udhuru nao vivyo hivyo. Kufunguliwa kwa mkutano kulikuwapo, kuthibitishwa kwa kumbukumbu za mkutano uliopita hakukuwapo, na mkutano wenyewe haukufungwa. Mpaka leo, kwa mujibu wa karatasi ile, wanafunzi wale wangali wameketi.

"Lakini mjomba, nilijibu hoja zote za mazingira."

Alikuwa kweli amezijibu, tena vizuri: kupanda miti, kutenganisha taka, kuvuna maji ya mvua. Ndiyo maana iliniuma. Mtu mwenye maudhui mabovu akikosa sura simlilii.

Sasa lugha. Hapa ndipo ile orodha yake ilikuwa na maswali mengi, na hapa ndipo wanafunzi hupoteza muda wao wote wa kujikagua, wakitafuta mahali pa kupachika tamathali nyingine. Mtahini huweka alama ya tiki juu ya neno lililotumika vizuri, ni kweli. Lakini pia huweka mkasi, ule msalaba wa X, juu ya neno lililotumika visivyo. Juma, katika nakala ya kwanza, "aliaga dunia yake ya kijijini na kupanda bodaboda." Alikufa, akapanda pikipiki, ndipo akavunjika mguu. Kwa kila pambo, jiulize kama ungelisema mbele ya nyanya yako bila yeye kuangusha kikombe. Likipita hapo, liache. Lisipopita, lifute, hata kama ulilinunua kwa bei katika kijitabu cha misemo.

Makosa ya hijai na sarufi yana siri moja ambayo wanafunzi hawaambiwi, au huambiwa wakiwa wamelala. Kosa hupigiwa mstari linapotokea mara ya kwanza tu. Ukiandika "kwasababu" kama neno moja mara tisa, umekosea mara moja. Ukikosea maneno tisa tofauti, mara moja moja, umekosea mara tisa. Basi kinachomwangusha mtu ni wingi wa aina za makosa. Kujikagua kwa kusoma insha yote ukitumaini kwamba makosa yatajitokeza yenyewe kukupa mkono ni kupoteza muda, kwa sababu macho yako yanasoma ulichokusudia. Tafuta aina moja, imalize, nenda kwa nyingine.

Aina zipi? Zako. Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna karatasi ya kubandika inayoweza kukusaidia. Nilimwagiza mpwa wangu alete daftari lake la zamani, lenye wino mwekundu wa mwalimu. Ndani yake tukakuta historia ya maisha yake. Hutenganisha yasiyotenganishwa: "aliye kuwa", "wali po fika". Huunganisha yasiyounganishwa: "kwasababu", "yakwamba". Ng'ombe kwake hana king'ong'o. Ni "ngombe", na siku akikumbuka kile kiritifaa hukitia mahali pabaya, "n'gombe", akaonekana ameshtuka. Anapofika mwisho wa mstari hukata neno popote kalamu ilipochokea, badala ya kukata kwenye silabi. Na mara kwa mara kijana wake katika kisa "hukura" ugali, jambo linaloashiria kwamba amepigiwa kura, na kwamba ugali umeshinda.

Hizo ni aina tano. Tukaziandika kwenye kipande cha karatasi, nacho ndicho orodha yake ya kujikagua, inayotoshea ndani ya kiatu, ingawa siku ya mtihani isiwe ndani ya kiatu. Ya rafiki yake itakuwa nyingine kabisa. Mmoja husumbuliwa na dh na th, mwingine na ngeli, mwingine huanzisha wakati uliopita akamalizia kwa wakati ujao, kisa kikawa hakijatokea.

Kuna pia mambo mawili ambayo wote huyasahau, nami huyataja mpaka nachokwa. Kwanza, vifupisho na tarakimu. Mtahini huhesabu "k.m." na "k.v." kuwa makosa ya hijai, andika "kwa mfano", andika "kama vile". Tarehe ikiandikwa kwa tarakimu tupu, 27-08-2013, nayo ni kosa. Mwezi utajwe kwa jina lake. Najua kwamba safu hii imejaa tarakimu. Mhariri wangu anazipenda. Mhariri wangu hasahihishi KCSE.

Pili, herufi kubwa. Mwanzo wa sentensi wanajua. Majina ya watu wanajua. Siku, miezi, lugha, masomo, mashirika, jina la Mungu, hapo wanaanza kuyumba. Utakuta "kiswahili" kimeandikwa kwa herufi ndogo katika mtihani wa Kiswahili, tena na mtahiniwa anayedai kukipenda. Lakini linalonifurahisha ni kwamba mwongozo unawakumbuka hata mbwa. Mnyama akipewa jina, jina hilo ni la pekee, na mbwa aitwaye Simba au Popi ana haki ya herufi kubwa sawa na mwenyekiti wa bodi ya shule. Mpwa wangu alikuwa na mbwa katika insha, "simba", ambaye alibweka. Nikamwambia achague: ama ampe herufi kubwa, ama simba huyo aache kubweka.

Kufikia saa tatu usiku alikuwa amekubali yote isipokuwa moja.

"Nitanakili upya, mjomba? Iwe safi?"

Kwa kazi ya likizo, nakili, shauri yako na usingizi wako. Kwa mtihani, nilimkataza kabisa. Karatasi ile ina saa moja na dakika arobaini na tano. Ukitumia dakika arobaini na tano kwa kila insha, zinabaki kumi na tano, na hizo kumi na tano ndizo za penseli: herufi za O, K na G kwanza, halafu kurasa, halafu sura kwa kunyosha mkono, halafu aina zako tano za makosa, halafu mbwa. Wanaoanza kunakili upya dakika hizo hufikia nusu, kengele inalia, wanakabidhi insha nusu yenye mwandiko mzuri, na mtahini anaikadiria katika C akiusifu mwandiko moyoni. Neno lililokosewa likatwe kwa mstari mmoja wa kalamu na la sahihi liandikwe juu yake. Hakuna kipengele cha mwongozo kinachotuza usafi wa kiwango cha shuka za hotelini.

Alinisikiliza kwa makini, akashukuru, akakunja insha zake mara nne akazitia mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka.

"Mjomba, na ile karatasi ya nyota nifanyeje? Mwalimu hupita akikagua kama tumetia tiki."

Nilimwambia atie tiki. Mwalimu naye ana mwongozo wake.